Deni linalosonga mbele: Jinsi kompyuta inavyogawanya 13 kwa 5 bila kurudi nyuma

MWAMBIE mtoto wa darasa la nne agawanye 13 kwa 5, naye atakujibu 2, baki 3, kabla hujafunga mdomo. Ipe prosesa hesabu hiyo hiyo na mambo yanageuka. Prosesa haijakariri jedwali la tano, wala haiwezi kutazama 13 na kukisia kwamba 5 inaingia mara mbili. Silaha zake ni tatu tu: kujumlisha, kutoa, na kusukuma biti hatua moja kushoto. Kwa hizo tatu, lazima ifike kwenye jibu.

Kama unasomea kompyuta au uhandisi wa umeme, swali hili utakutana nalo tu. Linakuja hivi: gawanya namba hizi mbili kwa njia ya kurejesha, kisha uzigawanye kwa njia isiyorejesha, na uonyeshe kila hatua. Wengi hukariri jedwali la mfano mmoja kutoka kwa noti. Siku ya mtihani mwalimu anabadilisha namba, na hapo ndipo kalamu zinaanza kutafunwa.

Tufanye mfano mmoja kwa njia zote mbili, polepole, halafu tuziweke bega kwa bega. Ukiona kinachofanana katika majedwali hayo mawili, huna haja ya kukariri tena.

Vyombo vya kazi

Tunahitaji rejista tatu. Ya kwanza ni M, na humo tunaweka namba inayogawa, yaani 5. Ya pili ni Q, ambayo mwanzoni inabeba namba inayogawanywa, yaani 13. Kwa binari 13 ni 1101, kwa hiyo Q ina biti nne. Ya tatu ni A, na inaanza ikiwa sifuri.

A na Q zimeunganishwa kama mabehewa mawili ya treni. Tukisukuma kushoto, biti ya kwanza ya Q inahamia mwisho wa A, na nafasi moja inabaki wazi upande wa kulia wa Q. Nafasi hiyo ndiyo tutakayoandikia biti moja ya jibu. Baada ya misukumo minne, biti zote za 13 zitakuwa zimetoka kwenye Q, na mahali pake pamejaa jibu. Baki litakuwa limekaa kwenye A.

Namba zetu hazina alama ya hasi, lakini katikati ya safari A itashuka chini ya sifuri. Ndiyo maana A inapewa biti tano, moja zaidi ya Q. Biti ya kwanza kushoto ndiyo alama: ikiwa 0, namba ni sifuri au zaidi, ikiwa 1, namba ni hasi. Kupata hasi ya namba yoyote, geuza biti zote kisha ongeza 1. Kwa hiyo 5 ni 00101. Ukigeuza unapata 11010, ukiongeza 1 unapata 11011, na hiyo ndiyo hasi 5. Kutoa 5 ni sawa na kujumlisha 11011 na kutupa biti inayomwagika kushoto.

Njia ya kwanza: jaribu, ukikosa rudisha

Njia ya kurejesha ni ile uliyofundishwa shule ya msingi, ila kifutio kimekuwa cha umeme. Katika kila hatua unasukuma kushoto, unatoa M kutoka A, kisha unatazama alama. Kama A haikwenda hasi, M iliingia, na unaandika 1 kwenye nafasi wazi ya Q. Kama A imekwenda hasi, M haikuingia. Unaandika 0, na unaijumlishia A ile M uliyotoa ili irudi ilivyokuwa. Hapo ndipo jina lilipotoka.

Hii hapa safari nzima. Alama ya `_` ni ile nafasi wazi.

```
Kurejesha: 13 / 5       M = 00101

                  A       Q
Mwanzo          00000   1101
1  sukuma       00001   101_
   toa M        11100           (-4)
   rejesha      00001   1010
2  sukuma       00011   010_
   toa M        11110           (-2)
   rejesha      00011   0100
3  sukuma       00110   100_
   toa M        00001   1001    (+1)
4  sukuma       00011   001_
   toa M        11110           (-2)
   rejesha      00011   0010
```

Tuipitie. Katika hatua ya kwanza A inapokea biti moja tu ya 13, ile 1 ya kushoto kabisa. Ukitoa 5 kutoka 1 unapata hasi 4, haiwezekani, kwa hiyo unarudisha 1 na kuandika 0. Hatua ya pili A inakuwa 3, unatoa 5, unapata hasi 2, unarudisha tena. Hatua ya tatu A inakuwa 6. Unatoa 5, inabaki 1, safari hii imeingia, unaandika 1 na hakuna cha kurudisha. Hatua ya nne A inakuwa 3 tena, unatoa 5, unapata hasi 2, unarudisha.

Mwishoni Q ni 0010, yaani 2. A ni 00011, yaani 3. Jibu ni 2, baki 3, na mtoto wa darasa la nne alikuwa sahihi.

Sasa hesabu kazi iliyofanyika. Tumetoa mara nne na kurejesha mara tatu, jumla ni hesabu saba. Tatu kati ya hizo zilikuwa za kufuta kazi ambayo tulikuwa tumetoka kuifanya dakika ileile. Ni kama kubeba gunia hadi ghorofa ya tatu, kuambiwa si lako, kulishusha, kisha kupanda tena na lingine.

Njia ya pili: acha deni litembee

Njia isiyorejesha inauliza swali la kijeuri kidogo. Kwa nini nirudishe? A ikiwa hasi, iache ikiwa hasi, tutamalizana huko mbele.

Wanaotumia Fuliza wanalielewa wazo hili. Salio likipungua wakati unalipa, hurudishi unga kwenye rafu. Unakubali kudaiwa, unaondoka na unga wako, na pesa zikiingia deni linakatwa kwanza. Tofauti ni kwamba hapa hakuna ada.

Kanuni ni hii. Kabla ya kusukuma, tazama alama ya A. Kama A si hasi, sukuma kushoto kisha toa M. Kama A ni hasi, sukuma kushoto kisha jumlisha M. Baada ya hapo tazama alama mpya: kama si hasi andika 1 kwenye Q, kama ni hasi andika 0. Rudia mpaka biti ziishe. Mwisho kabisa, na mara hiyo moja tu, kama A imebaki hasi, ijumlishie M.

```
Isiyorejesha: 13 / 5    M = 00101

                  A       Q
Mwanzo          00000   1101
1  sukuma       00001   101_
   toa M        11100   1010    (-4)
2  sukuma       11001   010_    (-7)
   jumlisha M   11110   0100    (-2)
3  sukuma       11100   100_    (-4)
   jumlisha M   00001   1001    (+1)
4  sukuma       00011   001_    (+3)
   toa M        11110   0010    (-2)
Rekebisha       00011   0010    (+3)
```

Hatua ya kwanza haina tofauti na ile ya awali: 1 toa 5 ni hasi 4, andika 0. Lakini sasa haturudishi. Tunasukuma hasi 4 kama ilivyo. Kusukuma kushoto ni kuzidisha kwa 2, kwa hiyo hasi 4 inakuwa hasi 8, na ile biti 1 inayoingia kutoka Q inaifanya hasi 7. Kwa kuwa A ilikuwa hasi, tunajumlisha 5 na kupata hasi 2. Bado hasi, andika 0.

Hatua ya tatu, hasi 2 inakuwa hasi 4, na biti inayoingia ni 0. Tunajumlisha 5 na kupata 1. Tumetoka kwenye deni, andika 1. Hatua ya nne A si hasi, kwa hiyo tunarudi kwenye kutoa: 1 inakuwa 2, biti 1 inaingia, inakuwa 3, ukitoa 5 unapata hasi 2. Andika 0.

Biti zimeisha na Q inasoma 0010, jibu lilelile. Lakini A ni hasi 2, na hakuna baki la hasi 2 hapa duniani unapogawanya maembe. Tunalipa deni mara moja: hasi 2 jumlisha 5 ni 3. Kazi yote ni hesabu nne pamoja na rekebisho moja, jumla tano badala ya saba.

Weka majedwali bega kwa bega

Sasa cheki kitu ambacho noti nyingi hazikuambii. Soma thamani ya A mara tu baada ya hesabu kuu ya kila hatua, kabla ya kurejesha chochote.

```
Hatua           1     2     3     4
Kurejesha      -4    -2    +1    -2
Isiyorejesha   -4    -2    +1    -2
```

Ni zilezile, zote nne. Njia moja ilitoa kila mara na kurudisha, nyingine ilitoa, ikajumlisha, ikajumlisha, ikatoa, lakini zinakutana mahali pale pale katika kila hatua. Hii si bahati ya 13 na 5. Itatokea kwa namba yoyote utakayochagua, na sababu yake inaingia kwenye sentensi chache.

Chukua A kabla ya kutoa, uiite R. Njia zote mbili zinatoa M, zinapata R − M, na tuseme hiyo ni hasi. Njia ya kurejesha inairudisha R, inaisukuma iwe 2R, inapokea biti mpya, kisha inatoa M. Mwisho wake ni 2R + biti − M.

Njia isiyorejesha inasukuma R − M yenyewe. Inapata 2R − 2M, inapokea biti ileile, kisha inajumlisha M. Hasi M mbili ukizijumlishia M moja unabaki na hasi M moja. Mwisho wake ni 2R + biti − M. Hakuna tofauti hata ya senti.

Kwa lugha ya mtaa, ulichukua 5 ambayo hukupaswa kuchukua. Ulipohamia hatua nyingine deni likajirudufu, likawa 10. Lakini katika hatua hiyo mpya ungetoa 5 hata hivyo. Kwa hiyo badala ya kurudisha 10 halafu kuchukua 5, unarudisha 5 tu na mambo yanakuwa sawa. Kurejesha na kutoa vimekunjwa vikawa hesabu moja.

Kwa sababu alama za A zinafanana, biti za Q nazo lazima zifanane. Ndiyo maana kanuni ya kuandika 1 au 0 ni ileile kwa njia zote mbili. Kinachobaki tofauti ni mwisho wa safari tu. Hatua ya nne haina hatua ya tano ya kumaliza deni lake, kwa hiyo likibaki lazima lilipwe kwa mkono.

Hapa kuna siri ndogo ya mtihani. Rekebisho la mwisho linahitajika pale tu biti ya mwisho ya jibu ni 0, na namba ya binari inayoishia na 0 ni shufwa. Kwa hiyo kama unajua jibu ni shufwa, kama hii 2 yetu, tarajia A iishie hasi. Kama jibu ni witiri, A itaishia salama. Jaribu 11 kwa 3, ambayo jibu lake ni 3 na baki 2. Njia isiyorejesha itapita kwenye hasi 2, hasi 1, 2, na 2 tena, na hakuna cha kurekebisha.

Unaokoa kiasi gani?

Idadi ya hesabu katika njia ya kurejesha inategemea jibu lenyewe. Kila 0 ndani ya jibu inakugharimu urejeshaji mmoja. Kwetu jibu ni 0010, lina sifuri tatu, ndiyo maana nne zikawa saba. Njia isiyorejesha haijali. Ni hesabu moja kwa kila biti, na pengine moja ya ziada mwishoni.

Kwa biti nne tofauti hiyo ni ndogo. Ipeleke kwenye rejista za biti 32 na ugawanye 100 kwa 7. Jibu ni 14, ambayo kwa binari ni 1110 ikitanguliwa na sifuri 28. Ukizihesabu zote, sifuri ni 29. Njia ya kurejesha itafanya hesabu 32 pamoja na marejesho 29, jumla 61. Njia isiyorejesha itafanya 32, na kwa kuwa 14 ni shufwa, itaongeza moja, jumla 33. Hesabu nyingi za kila siku zina majibu madogo kama haya, yaani sifuri tele mbele, na hapo ndipo kurejesha kunapokula muda.

Kwa upande mwingine, gawanya 15 kwa 1. Jibu ni 1111, hakuna sifuri hata moja, na njia zote mbili zinafanya hesabu nne bila nyongeza. Mwalimu akikuuliza ni lini njia hizi zinalingana kwa kazi, jibu lako ndilo hilo.

Lakini tusidanganyane. Mtu anayebuni saketi ya kurejesha si lazima ajumlishe M ili kurudisha A. Anaweza kutoa M pembeni, akatazama alama, na kama ni hasi asiandike matokeo kwenye rejista. A ya zamani inabaki ilivyokuwa, na kurejesha hakugharimu hesabu nyingine. Hapo zile saba zetu zinarudi kuwa nne.

Hata hivyo njia isiyorejesha haipotezi kila kitu. Katika ile saketi ya kutoa pembeni, lazima usubiri kutoa kuishe, ujue alama, ndipo uchague ni namba ipi iingie kwenye A. Katika njia isiyorejesha alama inajulikana tangu hatua inaanza. Inatumika kuamua kama tunajumlisha au tunatoa, na matokeo yanaingia kwenye A moja kwa moja bila kuchujwa. Faida ipo, ila ni ya urefu wa kila hatua, si ya idadi ya hatua.

Mahali watu wanapoangukia

Kosa la kwanza ni kusahau rekebisho la mwisho. Kulikamata ni rahisi: zidisha jibu kwa M, ongeza baki, uone kama unapata namba uliyoanza nayo. Kwetu 5 mara 2 jumlisha 3 ni 13, safi. Ungeacha hasi 2 ungepata 8, na ungejua kuna jambo.

Kosa la pili ni la wakati wa kutazama alama. Uamuzi wa kujumlisha au kutoa unatokana na alama ya A kabla ya kusukuma, si baada. Kwa 13 na 5 hutaona tofauti, na ndiyo maana kosa hili hujificha vizuri. Jaribu 11 kwa 13. M sasa ni 01101. Hatua ya kwanza, 1 toa 13 ni hasi 12, kwa binari 10100. Sukuma kushoto na biti 0 iingie: unapata 01000. Biti ya alama imemwagika, na namba iliyopaswa kuwa hasi 24 sasa inasoma 8.

Ukiamini 8 hiyo, utatoa 13 na kila kitu kitaharibika. Ukikumbuka kwamba A ilikuwa hasi kabla ya msukumo, utajumlisha 13: 01000 jumlisha 01101 ni 10101, yaani hasi 11. Na hasi 24 jumlisha 13 ni hasi 11 kweli. Rejista ilifurika kwa muda, lakini hesabu iliyofuata ikairudisha mahali pake. Ukiendelea utapita hasi 8, kisha hasi 2, kisha rekebisho linakupa 11. Jibu ni 0, baki 11, kama inavyotarajiwa.

Kosa la tatu ni kubana A iwe na biti nne kwa sababu Q ina nne. Kwa mfano huo huo wa 11 kwa 13, hasi 12 haitoshei kwenye biti nne. Ingejiandika 0100, ionekane ni 4, na ungeandika 1 kwenye jibu tangu hatua ya kwanza. Ile biti ya tano si pambo.

Kuna kipimo kimoja cha kukulinda katikati ya kazi. Baada ya kila kutoa au kujumlisha, A haiwezi kuwa chini ya hasi M wala kufika M. Kwa M ya 5, kila thamani lazima iwe kati ya hasi 5 na 4. Tazama zetu: hasi 4, hasi 2, 1, hasi 2. Ukiona 7 au hasi 9 mahali hapo, usiendelee; rudi hatua moja utafute ulipokosea.

Na vipi ukigawanya kwa sifuri? Njia hii haitalalamika. M ikiwa 0, A haiendi hasi kamwe, kwa hiyo kila hatua inaandika 1. Kwa 13 utapata jibu 1111 na baki 13, na mashine itakukabidhi kama jibu halali. Kumzuia mtu asigawanye kwa sifuri ni kazi ya kufanywa kabla hatua ya kwanza haijaanza.

Ijaribu mwenyewe

Kama una simu inayoweza kuendesha Python, andika mistari hii. Hapa `q` ni namba inayogawanywa, `m` ni inayogawa, na `n` ni idadi ya biti.

```
def gawa(q, m, n):
    a = 0
    for i in range(n):
        biti = (q >> (n - 1)) & 1
        q = (q << 1) & ((1 << n) - 1)
        if a >= 0:
            a = 2*a + biti - m
        else:
            a = 2*a + biti + m
        if a >= 0:
            q = q | 1
    if a < 0:
        a = a + m
    return q, a
```

Ukiita `gawa(13, 5, 4)` utapata `(2, 3)`. Ongeza `print(a)` mara tu baada ya ile `if` ya pili, na thamani zetu nne zitajipanga mbele yako. Kumbuka tu kwamba namba za Python hazina ukomo wa biti, kwa hiyo lile kosa la kufurika kwa rejista halitajitokeza hapa. Hilo utakutana nalo kwenye karatasi au kwenye saketi.

Si mambo ya mtihani tu

Wazo hili lina umri. Mwaka wa 1946 Arthur Burks, Herman Goldstine na John von Neumann, walipoandika mpango wa mashine iliyojengwa kule Princeton, Marekani, walizipima njia hizi mbili na wakachagua ile isiyorejesha.

Leo ukinunua Arduino Uno R3 kwenye maduka ya Luthuli Avenue, chipu iliyo juu yake, ATmega328P, ina amri ya kuzidisha lakini haina amri ya kugawanya. Kila unapoandika alama ya `/` kati ya namba ambazo thamani zake hazijulikani mapema, kompaila inaweka kijiprogramu kinachosukuma na kutoa biti kwa biti, jamaa wa karibu wa jedwali letu la kwanza. Ndiyo sababu kugawanya ndani ya kitanzi kinachorudiwa mara nyingi huifanya Arduino iwe nzito ghafla.

Prosesa kubwa nazo ziliendeleza wazo la kuacha deni litembee. Njia inayoitwa SRT, kutokana na majina ya Sweeney, Robertson na Tocher, huruhusu A iwe hasi na pia huruhusu tarakimu za jibu zenyewe ziwe hasi, ikizichagua kutoka kwenye jedwali lililochongwa ndani ya chipu. Mwaka wa 1994 ilibainika kwamba jedwali hilo kwenye Pentium ya Intel lilikosa baadhi ya viingilio. Namba chache sana zilikuwa zikiangukia hapo, lakini zilipoangukia, jibu lilitoka na kosa. Kampuni hiyo ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya sakata hilo.

Kwa hiyo ukikaa na karatasi yako, chagua namba mbili chini ya 16, chora majedwali mawili, na uzipige mstari thamani za A baada ya kila hesabu kuu. Zikifanana zote, uko fiti. Zikitofautiana, hatua ya kwanza ya tofauti ndiyo yenye kosa, na hapo ndipo pa kuanzia.